Vema Zilizotolewa Njiani

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliupitisha Lushoto nikiogopa mambo mengi, na karibu yote hayakutokea. Niliogopa kwamba wanafunzi wangenicheka kwa sababu nilikuwa mdogo wa umbo. Niliogopa kwamba barua ya ajira ilikuwa na kosa na ningerudishwa. Mimi ni mtu wa Magoma, kule bondeni kwenye joto, kwa hiyo niliogopa hata ukungu, jinsi ulivyoingia darasani kupitia madirisha na kukaa kati yangu na dawati la nyuma. Lililotokea sikuliogopa kabisa. Nimekwisha kulifikiria mara nyingi, na bado sijui ni wapi hasa ningeweza kuliona mapema.

Mkuu wa shule yetu ya sekondari aliniita ofisini wiki yangu ya pili. Alikuwa akimenya peasi kwa kisu kidogo cha kukunja.

"Wewe umetoka chuo kikuu juzi," akasema. "Walimu wa Jumamosi watakuwa wako."

Walimu wa Jumamosi walikuwa walimu wa shule za msingi za vijijini. Waliosoma zamani hadi darasa la nane na kwenda chuo cha ualimu walikuwa wengi milimani, na sasa walitaka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa binafsi, ili wapandishwe daraja. Kila Jumamosi walishuka au kupanda hadi kwetu, wakakaa kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yakigonga mbao. Wenzangu waliwafundisha masomo yenyewe. Mimi nilipewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kuwafundisha namna ya kujisomea.

"Namna ya kujisomea, kivipi?" niliuliza.

"Sijui. Mimi nilichapwa nikasoma. Nyinyi mmefundishwa saikolojia."

Katika darasa hilo alikuwamo mzee mmoja ambaye wote walimwita Mwalimu Mkuu, maana ndivyo alivyokuwa: mwalimu mkuu wa shule ya kijiji kimoja upande wa Bungu. Alikuwa Mlutheri wa kola iliyonyooka, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo kanisani. Shule yake aliianzisha mwenyewe, akichoma matofali pamoja na wazazi. Ilikuwa na madarasa manne, na kijiji kilipokubali kuwa cha ujamaa kikaahidiwa kwamba shule itapandishwa hadi darasa la saba. Habari njema hiyo ilikuja na nyingine: shule ikifika darasa la saba, mkuu wake atatakiwa awe wa daraja la juu kuliko lake. Aliniambia hayo siku ya kwanza, bila kulalamika, kama mtu anayetaja umbali wa safari.

"Nataka niwepo pale watoto wale watakapomaliza darasa la saba," akasema. "Nikiwa mkuu wao. Baada ya hapo nitapumzika."

Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akakaa dawati la mbele na kufungua daftari, akanisubiri nimfundishe.

Nilianza na ratiba. Nilikuwa nimekesha kwa mawazo juma zima kuhusu ratiba ile. Nilichora kwenye karatasi ya manila miraba ya rangi, bluu kwa historia, kijani kwa baiolojia, nyekundu kwa hesabu. Niliwaeleza kwamba somo gumu liwekwe wakati kichwa hakijachoka, kwamba saa moja kila baada ya siku chache inashinda siku nzima mara moja kwa mwezi, kwamba mada iliyosomwa leo irudiwe baada ya siku mbili tatu, halafu baada ya wiki, kabla haijasahaulika kabisa. Yote hayo ni kweli mpaka leo. Waliniangalia kwa adabu.

Mwalimu mmoja mnene kutoka upande wa Irente akanyoosha mkono. "Mwalimu, hapo kwenye bluu. Saa kumi na moja jioni."

"Historia. Ndiyo."

"Saa hiyo mimi nakata majani ya ng'ombe."

"Wewe unakata majani?" akadakia jirani yake, mwembamba, ambaye alikuwa shemeji yake na hakuacha kumchokoza tangu wakae. "Sema ng'ombe wanakukata wewe! Mwalimu, huyu mkewe ndiye anayekata. Yeye hushika kamba tu."

"Nyamaza, shemeji. Dada yako alinidanganya kwamba kwenu mna akili."

Darasa likacheka, nami nikacheka kwa hofu. Kisha wakaanza kusema ukweli. Asubuhi shule. Mchana shamba la shule, maana elimu ilikuwa ya kujitegemea. Alasiri kisomo cha watu wazima, ambapo kila mwalimu alilazimika kuwafundisha akina mama kusoma. Baadaye mkutano wa kijiji, au balozi wa nyumba kumi anabisha hodi. Jumapili kanisani. Na siku ya soko hakuna mwanadamu wa Usambara anayefungua kitabu.

Nikairarua manila yangu. Hapana, sikuirarua, nisiongeze chumvi: niliikunja nikaiweka chini ya meza. Wiki iliyofuata kila mmoja aliandika kwanza siku yake ilivyo kweli, kazi zote, ndipo tukatafuta mianya. Tulipata vijisaa: alfajiri kabla ya kukamua, dakika chache watoto wakiwa kwenye mchakamchaka, na njia. Njia ndiyo ilikuwa hazina. Watu hawa walitembea sana. Niliwaambia siku moja ya juma waiache tupu, kwa ajili ya yale yatakayoharibika, maana ratiba isiyo na nafasi ya msiba itavunjwa na msiba wa kwanza.

"Hii sasa ni ratiba ya binadamu," akasema Mwalimu Mkuu, akaipiga mstari chini kwa rula.

Nilijivuna. Niliona nimefikiria kila kitu: ng'ombe, mafuta ya taa, soko, mvua.

Tukaja kwenye muhtasari. Niliwapa sura moja ya kitabu cha jiografia waifupishe iwe ukurasa mmoja. Mwalimu Mkuu aliniletea kurasa nyingi, kwa mwandiko ambao mpaka leo sijauona kwa mtu mwingine, kila herufi imelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Alikuwa amenakili sura nzima, kwa herufi ndogo zaidi.

"Mwalimu, hii ni nzuri sana," nilisema, "lakini ni kitabu chenyewe."

"Ndiyo."

"Muhtasari unatakiwa uwe maneno yako. Unasoma, unafunika kitabu, unajiuliza: huyu alikuwa anasema nini? Unaandika hilo tu."

Akafikiri. Aliyasoma mafundisho ya kipaimara enzi ambazo neno moja likikosewa mtoto alirudishwa nyuma ya mstari. "Maneno ya kitabu ni ya kitabu," akasema. "Mimi ni nani niyapunguze?"

Hilo tulilishinda, kwa taabu. Nilimwomba anieleze kwa nini Lushoto kunanyesha na Mombo hapo chini ni pakavu, kama vile anamweleza mjukuu. Alieleza kwa mikono yake yote miwili, upepo wa bahari huku, mlima huku. Nikamwambia, sasa andika maneno saba au manane ya hayo uliyosema. Akaandika: bahari, upepo, unyevu, mlima, kupanda, mvua, upande wa pili, ukavu. Akayatazama kama mtu aliyeona mzigo wa kuni umefungwa kwa kamba moja. Sikuona kwamba kulikuwa na neno lililokosekana. Au niliona, nikadhani litakuja.

Jambo la tatu lilikuwa kujipima. Hapa ndipo nilipokuwa na uhakika zaidi kuliko popote. Niliwaambia: kusoma tena na tena kunampa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo ni mwongo. Funga kitabu, jiulize, jibu, kisha fungua uone. Weka vema palipo sawa na mkasi palipo kosa, na kesho anza na penye mikasi. Kosa linalopatikana nyumbani ni rafiki. Kwa kuwa njia ndiyo ilikuwa hazina yetu, nikawapanga wawili wawili kufuatana na njia wanayorudi nayo. Mmoja ashike maswali na majibu, mwingine ajibu akitembea, kisha wabadilishane. Kila Jumamosi waniletee karatasi zao za vema na mikasi.

Mnene wa Irente na shemeji yake wakawa jozi. Mwalimu Mkuu alipangwa na mwalimu mmoja binti, wa shule yake mwenyewe, aliyefundisha darasa la pili. Njia yao ilikuwa moja, shule yao moja. Niliona ni jozi bora kuliko zote.

Karatasi za mashemeji zilikuja zimejaa mikasi, nyingine zimechanika. Walirudi wakigombana bado.

"Mwalimu, huyu nimemwuliza kazi ya figo akaniambia ni kupikwa na vitunguu!"

"Na yeye hakujua Vita ya Majimaji ilikuwa upande gani wa nchi. Nilimzomea mpaka wachuma chai wakasimama kutuangalia."

"Walikuwa wanakuangalia wewe ulivyoanguka kwenye matope."

Niliwahurumia. Karatasi za Mwalimu Mkuu na binti yule zilikuwa safi, vema juu ya vema, kwa kalamu nyekundu. Nilimwonyesha mkuu wangu wa shule. Nilimwandikia mama yangu Magoma kwamba kazi inaanza kunikubali. Wakati mwingine, nikiwa kitandani, nilijiuliza kwa nini mzee yule hakosei kamwe, na nikajijibu kwamba ni umri, ni nidhamu ya zamani. Mtu kama mimi, anayeweza kuhangaika kutwa kwa sababu mtu hakuitikia salamu vizuri, aliziangalia vema zile na akalala usingizi.

Mtihani wa majaribio tuliufanya ulipobaki muda kidogo tu. Nilisahihisha nikiwa karibu na jiko la mkaa. Mashemeji walifaulu, si kwa kishindo, lakini walifaulu. Binti wa darasa la pili alifanya vizuri kuliko wote. Karatasi ya Mwalimu Mkuu niliisahihisha mara mbili. Mwandiko ulikuwa uleule, mzuri. Majibu yalianza vizuri yakaishia katikati, kama njia inayofika korongoni.

Jumamosi hiyo nilimwita binti pembeni, chini ya ukingo wa paa, mvua ikichuruzika.

"Dada, njiani mnaulizana kweli?"

"Tunaulizana, mwalimu."

"Na anajibu?"

Akatazama viatu vyake. "Anaanza."

"Halafu?"

"Halafu ananyamaza kidogo, namalizia mimi. Anasema, 'Hasa, ndilo hilo.' Naweka vema."

"Kwa nini huweki mkasi?"

Akaniangalia kama vile nimemwuliza kwa nini hamtangulii baba yake mlangoni. "Mwalimu, huyu ndiye aliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza. Mimi nimwambie umekosa? Njiani, watu wanapita? Mimi hata mzigo siwezi kumwacha abebe." Machozi yakamlengalenga. "Nilidhani akifika nyumbani anasoma. Yeye alidhani alikuwa anajua. Mara nyingine hata mimi nilidhani anajua."

Alikuwa hajafanya lolote baya. Nilikuwa nimewaweka mashemeji pamoja kwa bahati, watu ambao mila inawaruhusu, tena inawadai, kutukanana kwa mapenzi. Hao waliambiana makosa yao bila kuumizana. Na nilikuwa nimemweka mzee na mtoto aliyemlea, kati yao ukuta wa shikamoo na marahaba, kisha nikataka swali lipite ukutani. Vitabu vyangu vya saikolojia havikuwa na sura ya mashemeji. Na kila alipomalizia jibu la mzee, binti yule alikuwa anajipima yeye. Ndiyo maana alijua kila kitu.

Ilibidi nimwambie. Niliandaa maneno siku kadhaa, nikayafuta. Nilifikiria nianze na sifa, nikafikiria nisianze na sifa kwa kuwa atajua. Mwishowe alikuja mwenyewe mezani kwangu akiwa na ile karatasi yake.

"Mwanangu," akasema; darasani aliniita mwalimu, lakini sasa wengine walikuwa wamekwenda kunywa chai. "Nimeitazama. Sikujua kwamba sijui."

"Mwalimu, jozi niliipanga vibaya."

"Usimseme mtoto."

"Simsemi. Nasema mimi niliipanga vibaya."

Akakubali kwa kichwa, polepole. "Sasa nifanyeje?"

Nikamwambia ajipime peke yake, mahali pasipo na mtu wa kumhurumia. Avifunge vitabu, aandike kila anachokumbuka kuhusu mada moja, halafu afungue kitabu na kujikata mikasi mwenyewe, bila upendeleo. Aanze na mada zinazorudi mara kwa mara kwenye mitihani ya nyuma. Alichagua ubao wa darasa lake, watoto wakishaondoka. Binti alinieleza baadaye kwamba alipopita dirishani alimkuta amesimama mbele ya ubao uliojaa maandishi mazuri, akichora mikasi kwa chaki, mkasi baada ya mkasi, uso wake mtulivu kabisa. Binti alirudi nyuma kwa kunyata, mzee asije akamwona.

Aliendelea haraka. Jumamosi zile za mwisho alikuja na maswali, maswali hasa, ya mtu anayejua mahali anapokwama. Kama tungekuwa na muhula mmoja zaidi. Nimelisema hili mara nyingi mpaka limechakaa. Kujipima kunataka muda wa kukosea, kusahau, na kurudia. Mimi nilikuwa nimempa muda huo wote, na ukaliwa na vema.

Matokeo yalipokuja, mashemeji walifaulu wote wawili, na kila mmoja alidai mwenzake ameibia. Binti alifaulu vizuri. Mwalimu Mkuu alifaulu Kiswahili, siasa na historia. Jiografia, baiolojia na hesabu zilimwangusha, na cheti hakupata. Shule ya kijiji ikapandishwa kama ilivyoahidiwa. Binti akapelekwa kwenye mafunzo, na aliporudi akapewa shule hiyo aiongoze. Mzee akapewa darasa la kwanza.

Nilikwenda kuwatembelea miaka mitatu baadaye, kwa lori la viazi hadi linapoishia na kisha kwa miguu. Binti alinipokea ofisini, chumba ambacho ukutani bado kulikuwa na rula ya mzee imetundikwa. Hakuwa amekaa kwenye kiti cha mkuu. Alikalia benchi kando yake.

"Namwambiaje alete maandalio ya masomo?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Naenda mwenyewe darasani kwake, nayaomba kama naomba chumvi."

Watoto wa darasa la saba, wale wa kwanza, walikuwa nje wakipalilia. Mzee alikuwa kwenye kivuli cha darasa lake, amezungukwa na wadogo wenye vumbi la chaki puani. Alinyanyuka nilipofika.

"Onga makeo," akaniamkia kwa kunitania, maana alijua Kishambaa changu ni cha bondeni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Lushoto imekukubali."

Tulizungumza habari za mvua na viazi. Hakutaja mtihani, nami sikuutaja, nikawaza kama kutoutaja ni heshima au ni woga. Nilipokuwa najiandaa kuondoka akasema, "Niulize lile la mvua."

"Lipi?"

"La Lushoto na Mombo. Bado ninalisoma. Uliza kama kwenye mtihani."

Nikamwuliza. Akasimama wima, mikono nyuma, sauti ya kanisani. Akaeleza upepo unavyotoka baharini na unyevu wake, unavyofika mlimani na kulazimika kupanda, na mvua inavyoanguka upande huu, kisha hewa ikashuka upande wa pili ikiwa haina kitu. Ilikuwa nzuri. Lilikosekana neno lilelile: kwamba hewa ikipanda inapoa, na ni kule kupoa kunakoufanya mvuke uwe matone. Bila hilo, mvua inaanguka tu, bila sababu.

Alipomaliza akanitazama. Watoto wake pia walinitazama. Nyuma ya mlango wa ofisi nilijua binti anasikiliza.

"Ndiyo, mwalimu," nikasema. "Ni sawa kabisa."

Akaendelea kunitazama kidogo, kisha akatabasamu, si kwa furaha, akaokota chaki iliyokuwa imeanguka miguuni pa mtoto.

"Na wewe pia umeniwekea vema," akasema, akarudi darasani.